Shikamoo kwa Mzee wa Mkolani

Nilikuwa nakimbia kwenye korido nikicheka peke yangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa na habari, na mimi nikiwa na habari miguu haikai. Lakini ngoja niirudishe nyuma, maana nikiianzia hapo hamtaelewa kwa nini meneja wetu aliweka kikombe chini.

Kampuni yetu inaitwa Jiwe Pacha, iko Buzuruga, jirani na stendi. Tunapokea vifurushi na kuvipandisha kwenye mabasi. Mtu analeta boksi la sangara mkavu la kwenda Dodoma, mwingine bahasha ya vyeti vya mtoto, mwingine mashine ya cherehani imefungwa kwenye gunia mpaka inafanana na mbuzi. Tuna madirisha manne ya wateja. Mimi nipo chumba cha nyuma na Nathaniel, fundi mkuu wa mifumo. Niliajiriwa nikitoka chuo, mambo ya kompyuta na mitandao, na jina langu ni Bushra ingawa Nathaniel ananiita Redio.

Dirisha la tatu alikaa mama Getruda.

Mama Getruda ni Msukuma wa upande wa Sengerema, na ndiye aliyefungua ofisi ile pamoja na mwenye kampuni, enzi hizo kuna meza moja na mzani mmoja. Karani yeyote aliyepita pale, yeye ndiye aliyemfundisha. Hata Farouk, huyu meneja wetu wa sasa, alifundishwa na mama Getruda namna ya kufunga kamba kifurushi kisifumuke njiani. Farouk mwenyewe alikuwa anasimulia kwenye vikao kwamba siku yake ya kwanza mama alimfungulia boksi mbele ya mteja na kumwambia, "Baba, hii si kamba, hii ni utani."

Mwisho wa mwaka jana mume wake alifariki. Alikuwa fundi seremala, na ukoo wao unazika huko kwao, ng'ambo ya ziwa upande wa Kamanga. Sisi wote tulivuka na kivuko kwenda kuzika. Mama akachukua likizo, dirisha la tatu likafungwa, na mwezi wa kwanza ulipokuwa unaelekea ukingoni akarudi, amevaa kitenge cheusi, anatabasamu kidogo kuliko zamani.

Na aliporudi alikuwa mzito.

Sijui nielezeje. Mikono ilikuwa ileile, anapima, anaandika, anabandika lebo kama anapiga muhuri. Lakini foleni yake haikusogea. Wenzake wakihudumia watu watatu yeye yuko kwa wawili. Mfumo wetu una ripoti inayoonyesha kila dirisha linatumia muda gani kwa kifurushi kimoja, na dirisha la tatu lilikuwa mkiani wiki baada ya wiki.

Halafu alianza salamu. Yaani mama alikuwa anasalimia tangu zamani, lakini sasa ilikuwa salamu ya mkutano. Anabonyeza kitufe cha kutuma, anaegemea mbele, anaanza kwa lafudhi ya kwao. "Habali za nyumbani, mwanangu. Watoto wanasoma? Na mvua huko kwenu imenyesha?" Akija Msukuma mwenzake ndiyo kabisa, "Mwangaluka," na mtu anaitika "Mwangaluka," na wanaingia kwenye ng'ombe, mpunga, shangazi wa nani ameolewa wapi. Wateja walimpenda. Kuna watu waliokuwa wanaruka dirisha tupu wakapange foleni kwake.

Paulo wa dirisha la pili ndiye mwenye mdomo. Alikuwa anamtania, "Mama, hiki ni kifurushi au mnatoa mahari?"

"Mahari itatoka wapi, na wewe mwenyewe hujaoa," mama anamjibu bila kugeuka. "Fanya kazi, Paulo. Kichwa kimekuwa kikubwa kuliko kazi."

Tulicheka. Na tukisogea pembeni tulikuwa tunasema jambo moja, sote, kwa sauti ya chini: ni msiba. Amebaki peke yake, anatafuta mtu wa kuongea naye. Tulimhurumia sana. Huruma yetu ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyefikiria kitu kingine.

Yeye mwenyewe alisema. Hili nalo lazima niliseme. Alikuja chumba cha nyuma akasimama mlangoni, akamwambia Nathaniel, "Baba, mashine yangu inavuta pumzi."

"Inavutaje, mama?"

"Nikibonyeza kutuma inanyamaza. Kama mtu aliyeitwa akawa anajiuliza nani ameniita. Halafu inafanya."

Nathaniel akaenda pale akiwa na Farouk. Wakakaa kwenye kiti cha mama wakaijaribu ile kompyuta. Wakafungua taarifa za mteja, zikafunguka palepale. Wakatafuta kifurushi cha zamani, kikaja. Wakachapisha lebo, ikatoka. Farouk akainuka akakung'uta mikono. Kifurushi cha kweli hawakutuma, maana kutuma kifurushi cha kweli kunataka mtu alipie, na nani atalipia kifurushi cha majaribio.

"Mashine nzima, mama," Nathaniel alisema. "Ni mtandao tu wa leo."

Mama akasema, "Haya." Hakurudi tena kulalamika. Alienda kupima macho. Daktari akamwambia macho yako ni ya umri wako, hayana tatizo, lakini yeye akanunua miwani hata hivyo, ya kahawia yenye kamba shingoni.

Farouk si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana ningekuwa nasimulia hadithi ya meneja mkatili ingekuwa rahisi, ningemtukana tukaishia hapo. Makao makuu walikuwa wanamsukuma na ile ripoti, na mikataba ya makarani ilikuwa inaisha katikati ya mwaka. Alivumilia mwezi, akavumilia mwingine. Kisha akamwita mama ofisini kwake, mlango ukiwa wazi, mimi nilikuwa napanga nyaya dirishani kwake.

"Mama," alisema, anaangalia meza. "Naomba tupunguze salamu."

Mama akauliza, "Salamu ndiyo inachelewesha?"

"Watu wanasubiri, mama. Ripoti inasomwa na watu wasiokujua. Mkataba wako nataka niutetee, sasa nipe kitu cha kutetea."

"Sawa, baba."

Na kweli akaacha. Kesho yake dirisha la tatu likawa kimya kama benki. Mama anapokea, anapima, anaandika, anabonyeza, anakaa. Mikono juu ya meza, anaangalia kioo cha kompyuta. Mteja naye anaangalia juu. Nilipita pale nikasikia bibi mmoja anamuuliza jirani yake kwenye foleni kama mama amegombana na mtu.

Ripoti ya wiki hiyo ilipotoka, dirisha la tatu lilikuwa palepale. Si kwamba lilipanda kidogo. Palepale. Mtu ameondoa maneno yote, watoto, mvua, ng'ombe, mashangazi, na muda haujapungua. Ripoti hiyo Farouk aliiona. Nathaniel aliiona. Mimi nilikuwa ndiye ninayeichapisha. Tukasema basi si salamu, ni mikono. Amezeeka.

Mkataba ulipoisha haukuendelezwa. Tulimfanyia keki na soda. Farouk alijaribu kutoa hotuba ikakwama kwenye ile hadithi ya kamba, hakuweza kufika "hii ni utani." Mama ndiye aliyemuokoa. Alisimama akasema, "Nawashukuru. Labda kweli mikono imechoka. Mtu hajui siku anayoanza kuzeeka, anaambiwa." Akachukua mto wake wa kukalia na kikombe chake, akaenda. Baada ya siku kadhaa tukasikia amerudisha chumba alichopanga na amevuka kwenda kukaa kwa dada yake Kamanga.

Sasa hapo ndipo Rebeka anapoingia.

Rebeka alikuwa dirisha la kwanza, na ndiye kasi ya ofisi. Anaandika bila kuangalia vidole, anatafuna karanga, na bado anamsikia Paulo anachosema ili amjibu. Farouk akamhamishia dirisha la tatu, maana lina mzani mkubwa. Haikupita muda Rebeka akawa mkiani.

Paulo akafurahi kupita kiasi. "Kiti cha mama kimekurithi wewe. Kesho utaanza kuuliza habali za mvua."

"Nyamaza wewe," Rebeka alisema, lakini nilimwona uso. Alikuwa ameogopa. Akaja chumba cha nyuma, Nathaniel hayupo, amekwenda Mkolani kwenye ghala letu. Akaniambia, "Bushra, njoo uone. Nikibonyeza kutuma inakaa tu. Mimi sijazeeka, nina miaka ishirini na minne."

Nikaenda. Nikakaa pembeni yake wakati anahudumia mteja wa kweli, kifurushi cha kweli, viatu vya kwenda Kahama. Akabonyeza. Kimya. Halafu ikakubali malipo. Kimya tena. Ikatoa risiti ya kodi. Kimya. Ikamtumia mpokeaji ujumbe wa simu. Vimya vitatu, na vyote vilifanana urefu kama vimekatwa na mkasi mmoja.

Mtandao ukiwa mbovu haufanani hivyo. Mtandao mbovu mara unakimbia mara unakwama, kama punda. Hiki kilikuwa kitu kinachohesabu. Nikatoa simu nikapima: sekunde tano. Kifurushi kingine, sekunde tano, tano, tano.

Hapo damu ikaanza kunichemka, kwa furaha, jamani, sitawadanganya. Nikamwomba Rebeka afunge dirisha kidogo.

Nieleze kwa mtu asiyeshughulika na haya. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba, kama simu. Sisi tunaandika jina la mfumo wa malipo, lakini kompyuta lazima kwanza iulize mahali, mwenye jina hili namba yake ni ipi? Mahali pa kuuliza ni seva ya majina. Kila kompyuta ina anwani za seva za majina zimeandikwa kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili. Inauliza ya kwanza. Isipojibiwa, inasubiri sekunde tano, halafu ndiyo inauliza ya pili.

Nikajaribu kuufikia mfumo wa malipo kwa namba yake moja kwa moja. Papo hapo. Nikajaribu kwa jina. Kimya, halafu papo hapo. Nikawasha programu ya kusikiliza kinachotoka kwenye ile kompyuta, na nikaona kwa macho yangu: swali linatoka kwenda anwani fulani, hakuna kitu kinachorudi, hakuna kitu, hakuna kitu, kisha swali lilelile linatoka kwenda anwani ya pili na jibu linarudi kabla sijapepesa. Nikafungua faili lenye hizo anwani. Mstari wa kwanza nikaujua bila kuuliza. Ilikuwa anwani ya Mzee.

Mzee ilikuwa seva ya zamani pale ghalani Mkolani. Ndiyo iliyokuwa inatujibia majina ofisi zote, na kila mtu aliiita hivyo kwa sababu ilikuwa inaguna ikiwaka. Tuliizima mwezi wa kwanza, tukanunua nyingine. Nathaniel alibadilisha anwani kwenye kifaa kinachozigawia kompyuta zote mipangilio yake, na kompyuta za dirisha la kwanza, la pili, la nne zikapokea anwani mpya asubuhi yake. Lakini dirisha la tatu ndilo lenye printa ya risiti inayotumiwa na wote, kwa hiyo namba yake haitakiwi kubadilika, kwa hiyo mipangilio yake iliandikwa kwa mkono. Haiombi kitu kwa mtu. Hakuna aliyeipa habari ya msiba.

Kwa hiyo kila kifurushi, ile kompyuta ilikuwa inaanza kwa Mzee. Shikamoo. Inasubiri. Mzee hayupo. Inakwenda kwa wa pili, inajibiwa vizuri kabisa. Na haikumbuki. Hicho ndicho kilichonichekesha zaidi, kwamba haijifunzi, kitu cha pili kinachohitaji jina inarudi tena kwa Mzee, shikamoo, inasubiri marahaba. Kama Mzee angekuwa anakataa, angesema tu hapa hatujibu, kompyuta ingepita kwa wa pili bila kupoteza muda. Lakini namba yake ilikuwa imefungwa kwenye lango la mtandao la Mkolani, na lile lango linatupa maswali kimya kimya. Shida ya aliyekufa ni kwamba hakatai.

Na yale majaribio ya Farouk na Nathaniel? Taarifa za wateja na lebo ziko kwenye seva ya jengoni humu humu, na jina lake limeandikwa ndani ya kompyuta yenyewe. Haziulizwi kwa mtu. Waliijaribu ile mashine kwa kila kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Nikafuta mstari wa kwanza. Nikaweka seva mpya. Rebeka akafungua dirisha, akatuma kifurushi cha kwanza kilichokuja, na ile mashine ikafyatuka, malipo, risiti, ujumbe, kama mtu amemwaga maharage. Rebeka akanikumbatia. Paulo akauliza tumempa mganga nini.

Ndipo nikaanza kukimbia kwenye korido.

Farouk alikuwa anakunywa chai. Nilifungua mlango bila hodi, nikasema kwa pumzi moja, "Bosi, ni seva ya majina, Mzee ndiye wa kwanza kwenye faili, sekunde tano kila ukiuliza jina la nje, mara tatu kwa kila kifurushi, nimefuta mstari mmoja tu, mmoja, sasa inaruka." Nilikuwa nimeinua kidole kuonyesha mmoja.

Aliweka kikombe. "Tangu lini?"

"Tangu tulipoizima. Mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza," alisema.

Nikaendelea kutabasamu kwa muda. Uso ulikuwa bado haujapata habari. Halafu nikaona anaangalia dirishani kwake, ule upande ambao kiti cha dirisha la tatu kinaonekana, na Rebeka amekaa pale, na kidole changu kikashuka chenyewe.

"Niliona ile ripoti," Farouk alisema. "Wiki aliyoacha kusalimia. Niliiona haikubadilika."

Mimi ndiye niliyemletea ikiwa bado ya moto kutoka kwenye printa.

Nathaniel aliporudi kutoka Mkolani tukamwonyesha. Alisoma ule mstari nilioufuta, nilikuwa nimemwekea pembeni. Akausoma tena.

"Huu niliuandika mimi," alisema. "Nakumbuka kabisa. Niliweka Mzee juu, huyu mwingine chini. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza kwa nini huyu juu. Nikamwambia mkubwa hutangulia, mama. Akacheka."

"Ungeweza kusahau tu," nilisema. "Mtu yeyote angesahau."

"Alikuja kuniambia, Redio. Alikuja mpaka mlangoni akaniambia inavuta pumzi. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza tatizo vizuri namna ile."

Jumamosi tukavuka watatu. Farouk alinunua sukari na mchele, akabadilisha mawazo akaongeza kitenge, akawa anakishika kwenye kivuko kama mtu anayebeba mtoto wa mtu mwingine. Nathaniel aliangalia maji. Mimi nilijaribu kuongea juu ya bei ya samaki nikaona haiendi.

Dada yake mama Getruda ana kibanda cha dagaa si mbali na gati la Kamanga. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, kopo la sado mkononi, anampimia mtu. Alikuwa amevaa ile miwani ya kahawia. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa mtu aliyekasirika. Nilikuwa hata nimejiandaa atunyamazie.

"Shikamoo mama," Farouk alisema, na alipiga magoti kidogo, kitu ambacho sijawahi kumwona anafanya.

"Marahaba baba." Alijibu palepale, bila kuchelewa hata kidogo. "Karibuni. Na wewe Nathaniel, marahaba kabla hujasema, naona koo limekauka. Bushra, mama hajambo? Kaeni basi, dagaa hawaumi."

Tukakaa. Nathaniel ndiye aliyeeleza. Nilidhani atajificha nyuma ya maneno ya kitaalamu, lakini alieleza kwa Kiswahili cha nyumbani, Mzee alizimwa, mashine yako haikuambiwa, kila ukituma ilikuwa inamwita yeye kwanza. "Haikuwa mikono yako, mama. Wala macho. Wala huzuni. Ilikuwa mstari wangu."

Mama aliendelea kupima dagaa. Alijaza sado, akasawazisha kwa kiganja, akamwaga kwenye mfuko.

"Kwa hiyo ilikuwa inavuta pumzi kweli," alisema.

"Kweli."

"Mimi nilikuwa nasalimia wateja kwa sababu pale pana kimya. Mtu amesimama mbele yako, mashine imenyamaza, utamwangalia tu kama ng'ombe? Nikaona nijaze." Alifunga mfuko fundo. "Kumbe nayo ilikuwa inasalimia."

Dada yake akacheka kule ndani. Sisi hatukucheka.

"Na uliponiambia ninyamaze, Farouk. Muda ulipungua?"

"Haukupungua, mama."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukasema nini?"

Farouk alishika kile kitenge. "Nilisema umezeeka."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. Kisha Farouk akatoa yale yote aliyokuja nayo: dirisha lipo, mkataba mpya uko tayari, makao makuu wameelezwa kwa maandishi na wamekubali, na Jumatatu atasema mbele ya makarani wote. Aliyasema haraka haraka, moja linakanyaga jingine.

"Kusema mbele ya wenzangu, hilo nalitaka," mama alisema. "Uliseme kama lilivyo, na huyu Paulo awepo. Lakini kurudi, baba, sirudi."

"Mama, mashine imepona," nilisema. Nilishindwa kujizuia. "Sasa hivi inaruka, ukiiona utashangaa."

"Najua imepona, mwanangu. Umefanya vizuri." Akavua miwani, akaiangalia, akaifuta kwa upindo wa khanga. "Haya macho daktari alisema mazima. Nikasema hapana, hajaona vizuri, mbona ofisini wote wanaona. Nikanunua miwani. Sasa nikiivua dunia inakuwa na ukungu. Nimeyazoesha." Akaivaa tena. "Ndivyo na huko kwingine. Nimewaambia watoto wangu nimezeeka, wameanza kunisaidia kupanda ngazi. Nikirudi pale dirishani, mashine ikigoma siku moja, nitakaa najiuliza ni yenyewe au ni mimi. Nitajiuliza kila siku. Kazi hiyo siiwezi."

Nathaniel akaanza kusema kitu, mama akamwekea mkono begani.

"Usilie kwenye dagaa zangu, zina chumvi ya kutosha."

Hapo Nathaniel akacheka na macho yakamwagika pamoja, akageukia ziwani. Mama akatufungia kila mmoja mfuko wake, akakataa kitenge mara mbili, ya tatu akapokea. Tulipoinuka kwenda kwenye kivuko akauliza, "Na huyo Mzee wenu, bado yuko ghalani?"

"Yuko, mama. Amewekwa kwenye kona."

"Mtoeni kabisa. Msimwache hapo watu wakafikiri atajibu."

Jumatatu Farouk alisema. Alisimama mbele ya madirisha manne kabla hatujafungua, akalisema kama lilivyo, pamoja na ile ripoti. Paulo alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakutania kitu siku nzima.

Nathaniel siku hizi haandiki namba kwa mkono bila kunionyesha mimi, na mimi nimejifunza kutembea kwenye korido.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nyuma ya Rebeka naangalia printa. Akaja bibi mmoja mwenye boksi la maembe ya kwenda kwa mwanawe Shinyanga. Aliliweka kwenye mzani, akatoa hela, Rebeka akaandika, naye akaegemea dirisha kwa viwiko viwili kama mtu aliyefika kwa jirani, akachungulia ndani.

"Mwangaluka," alisema bibi, Rebeka akibonyeza kutuma. "Yule mama wa salamu yuko wapi leo?"

Rebeka alifungua mdomo amjibu, na risiti ilikuwa imeshatoka.